Mteja kasaini mkataba jana, imeili ya kumkaribisha iweje? Naombeni mnikosoe rasimu yangu

neema_vitabu

Wakuu habari za jioni. Nina ofisi ndogo ya uhasibu hapa Mwenge, niko mimi na binti mmoja wa kuingiza data. Jana Alhamisi tarehe 12 Juni mteja mpya kasaini, ni mama mmoja ana kampuni ya vigae na vifaa vya bafuni, ana wafanyakazi 11, yuko kwenye VAT, ana duka na stoo na kila sehemu ina mashine yake ya EFD ya kutolea risiti. Tumekubaliana laki nne na nusu kwa mwezi. Kwa ofisi yangu huyu ni mteja mkubwa na sitaki kabisa yajirudie ya mwaka jana.

Ya mwaka jana ni hivi, nilipata mteja, siku ya pili nikamtumia imeili yenye vitu 17 vya kuleta, akajibu asante, halafu kimya wiki tatu, mimi nikawa naona aibu kumsumbua, ritani ya kodi ikachelewa, faini ikaja, akaniambia mimi si nilishakulipa wewe ushughulike? Tukaachana. Na nikisoma ile imeili leo sioni mahali nilipomwambia kazi yangu inaanzia mwezi gani.

Sasa rasimu ya huyu mpya hii hapa, semeni ukweli:

> Ndugu Mteja,
> Tunapenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa kuichagua ofisi yetu. Ili kazi ianze tunaomba utuletee cheti cha TIN, cheti cha VAT, leseni ya biashara, taarifa za benki za miaka mitatu, Z ripoti zote za mauzo ya kila siku, risiti zote za manunuzi, mikataba ya wafanyakazi, namba zao za NSSF, orodha ya mali, orodha ya wadeni, ritani za nyuma, pamoja na nywila ya akaunti ya TRA na ya benki mtandao. Kazi itaanza mara moja. Karibu sana.

kibubu99

Mbona iko poa tu dada. Weka nembo ya ofisi juu na namba ya simu chini. Na hiyo nywila usiiondoe, bila kuingia kwenye akaunti ya TRA utafanyaje kazi? Mimi huwa naomba siku hiyohiyo nakuwa nayo kwenye daftari, mteja akisafiri mimi sikwami.

mzee_wa_ritani

Neema mwanangu, rasimu yako ina adabu lakini haijamwambia mama huyo lolote la kumsaidia kesho asubuhi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu.

Angalia kalenda. Umesaini tarehe 12 Juni. PAYE na SDL ya Mei, yaani kodi ya mishahara na tozo ya ujuzi, zilitakiwa tarehe 7, zimeshapita, hizo si zako lakini hujui kama zililipwa. Ritani ya VAT ya Mei inatakiwa ifikapo tarehe 20, yaani Ijumaa ijayo, siku nane baada ya sahihi. Sasa nijibu, hiyo ya Mei ni ya nani? Mkataba wako bila shaka umeandika huduma zinaanza siku ya kusaini. Mama ataelewa kwamba ni yako. Mhasibu wake wa zamani ameshaambiwa asante, atajua si yake. Tarehe 20 itafika kila mtu anamwangalia mwenzake, na ndicho kilichokukuta mwaka jana, ule ukimya ulifuatia tu.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya maana kwenye imeili, baada ya salamu na shukrani za mstari mmoja, ni ya kutaja mwezi. Sisi tunawajibika kuanzia hesabu za mwezi fulani. Mwezi wa nyuma yake ni wa fulani. Ukiamua kuubeba na Mei, beba kwa sharti la tarehe: tukipata Z ripoti na risiti za manunuzi za Mei kabla ya Jumatatu tarehe 16 saa kumi jioni tutaiwasilisha sisi, zisipofika muda huo mhasibu wa zamani aimalizie. Na hilo la pili lazima mhasibu wa zamani alijue kwa maandishi ya mama mwenyewe. Usimpigie wewe kabla mama hajamwandikia, unaweza kumkuta hata hajui kama ameachwa.

neema_vitabu

Duh. Mzee shikamoo. Ni kweli mkataba unasema huduma zinaanza tarehe ya kusaini, sikuwaza hiyo ya Mei kabisa, nilijua naanza na Juni mwezi ukiisha.

mzee_wa_ritani

Marahaba. Wewe umejua, yeye hajui. Mwandikie.

mama_bucha_sinza

Samahani jamani naingilia. Mimi nilisaini na mhasibu tangu mwezi wa nne hajawahi kuniandikia imeili yoyote ya kunikaribisha, je mkataba wangu ni batili? Maana ninyi mnaongea kama ni lazima.

mzee_wa_ritani

Hapana mama, mkataba wako uko palepale, hautegemei imeili ya kukaribishwa. Ila muulize leo hii, kwa ujumbe mfupi tu, ritani za mwezi wa nne na wa tano nani kazipeleka, na akutumie uthibitisho wa kupokelewa kila moja.

mama_bucha_sinza

Sawa nitamuuliza. Lakini ngoja niseme kitu kama mteja, hiyo imeili ya kwanza ya dada Neema mimi ningeifungua saa nne usiku nimechoka, nikaona orodha ile, nikasema nitaisoma Jumapili, na Jumapili nina kanisa na wageni. Si kwamba sitaki. Halafu Z ripoti mimi sina! Anazo keshia wangu, anazichomeka kwenye msumari ukutani pembeni ya mashine. Risiti za manunuzi anazo kijana wa stoo kwenye boksi la juisi. Mimi nina namba ya siri ya benki tu na mawazo yangu. Ukiniandikia mimi lete Z ripoti inabidi nikumbuke nimwambie keshia, nikikumbuka yeye kashatoka.

mzee_wa_ritani

Neema soma hapo mara mbili. Mwenye kusaini na mwenye makaratasi ni watu wawili tofauti, mara nyingi watatu. Mwandikie bosi, lakini kila kitu unachoomba kitaje na mtu wake. Hujui jina la keshia? Muulize mama kwa simu dakika moja kabla hujatuma, na omba ruhusa ya kumuweka keshia kwenye nakala. Usimuweke bila ruhusa, maana imeili hiyo ina mambo ya ada yako na mishahara.

fundi_tovuti

Niko Nairobi, natengeneza tovuti, si mhasibu ila shida ni moja. Mteja anasaini, analipa nusu, namtumia karibu sana naomba picha na maandishi, kisha mwezi mzima hakuna kitu halafu anaanza kuuliza tovuti iko wapi. Siku hizi imeili yangu ya kwanza inaomba kitu kimoja tu na kinachomchukua dakika tano, kwa kawaida nembo yake. Akishatuma hicho anakuwa ameanza, vingine vinafuata. Na naandika wazi wiki sita zinaanza kuhesabiwa siku nikipokea maandishi, si siku ya sahihi. Lakini mimi nangoja malipo ya kwanza yaingie ndio nitume hiyo imeili, sijui ninyi.

kibubu99

Hapo kwa malipo niko na wewe. Hela kwanza karibu baadaye. Ukishamkaribisha na kuanza kazi, ada inakuwa ya kudaiana.

mzee_wa_ritani

Kwa tovuti sawa. Kwa uhasibu sikubali, tarehe 20 haingojei muamala wa mtu. Mimi natuma siku ileile ya sahihi au kesho yake asubuhi, ankara naituma na imeili yake peke yake, sichanganyi. Ukichanganya, imeili nzima inapelekwa kwa mtu wa malipo na hatua za kazi zinafia hapo.

kibubu99

Mzee wewe una wateja wa uhakika, sisi wadogo tumeshalizwa sana. Mimi nabaki na msimamo wangu.

mzee_wa_ritani

Sikulaumu, kila mtu na majeraha yake. Ila la nywila sikuachii. Nywila kwenye imeili inakaa kule miaka, kwenye simu ya mama, kwenye kompyuta ya duka ambayo kila mtu anaingia, na siku jambo likiharibika huwezi kuthibitisha nani aliingia. Kwa TRA kampuni inaweza kumteua mtu wa kuwasilisha ritani kwa niaba yake, naye anaingia kwa utambulisho wake mwenyewe, sasa nywila ya mama unaitakia nini? Mwambie kwenye imeili kwamba siku fulani utakaa naye nusu saa mfanye uteuzi huo pamoja, yeye akiwa na simu yake mkononi. Benki ndio usiguse kabisa, omba taarifa ya benki ya PDF inatosha. Wewe unaandika vitabu, hulipi watu kwa hela yake.

Na weka mstari mmoja huu ambao watu huusahau: namba ya akaunti ya ofisi yetu ni ile iliyo kwenye mkataba, hatutaibadilisha kwa imeili wala kwa ujumbe wa simu, ukipokea ujumbe wa namna hiyo tupigie kabla hujalipa. Matapeli wanapenda sana kipindi cha mteja mpya kwa sababu bado hajazoea mwandiko wako.

neema_vitabu

Asanteni sana, nimepata mwanga. Sasa naomba kuuliza kimoja, mama kaniambia ana boksi zima la risiti za tangu mwaka jana ambazo hazijaingizwa popote, anataka nianze nazo maana anaamini kuna VAT yake nyingi humo. Niliweke hilo kwenye imeili?

kibubu99

Ingiza zote kwenye ritani ya kwanza mpunguzie kodi, atakupenda.

mzee_wa_ritani

Hapana hapana. VAT ya manunuzi unaidai ndani ya miezi sita tangu tarehe ya risiti, za zaidi ya hapo zinabaki kuwa ushahidi wa matumizi tu kwenye hesabu za mwaka. Na hata zile za ndani ya miezi sita, unajuaje mhasibu wa zamani hakuzidai? Ukiidai risiti moja mara mbili hilo ni kosa lako wewe. Kwa hiyo kabla ya boksi unahitaji ritani za VAT za miezi sita iliyopita ulinganishe, na hizo zipo kwenye akaunti ya TRA, mtazishusha pamoja siku ile ya kukaa na mama.

Kwenye imeili mwambie ukweli bila kumvunja moyo. Boksi tutalipitia mwezi Julai, tutaanza na risiti za kuanzia Januari, hatuahidi kiasi. Ukimuahidi kiasi leo ataanza kukihesabu kama hela yake.

Na mwambie keshia asizipange juani wala asizibandike kwa selotepu, hasa zile karatasi za mashine. Wino wake si wino, ni karatasi inayobadilika rangi kwa joto, inafifia. Nimewahi kufungua bahasha ya mteja nikakuta vipande vyeupe kabisa, unaona alama ya mkunjo tu. Apige picha siku ileile risiti inapoingia, pembe zote nne zionekane na namba ya risiti isomeke.

mama_bucha_sinza

Yesu wangu, yangu iko kwenye msumari karibu na dirisha.

fundi_tovuti

Mama toa hizo leo.

neema_vitabu

Jamani nimekaa nimeandika upya. Nimempigia mama kwanza, keshia ni dada anaitwa kwa jina ambalo sitaliweka hapa, nimeandika Dada Keshia. Mama karidhia awekwe kwenye nakala. Kijana wa stoo hana imeili, mama kasema picha za risiti atatuma wasapu. Na Mei nimeamua kuibeba kwa sharti alilosema mzee.

> Kichwa: Tumeanza – ninachohitaji kabla ya Jumatatu tarehe 16
>
> Mama, shikamoo. Asante kwa imani yako jana. Naandika ili wewe na Dada Keshia mjue nini kinafuata na nani anafanya nini.
>
> Ofisi yangu inawajibika na hesabu zako kuanzia mwezi Juni. VAT ya Mei, inayotakiwa ifikapo Ijumaa tarehe 20, nitaiwasilisha mimi iwapo nitapata karatasi za Mei kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Zisipofika, tafadhali mhasibu wako wa awali aimalizie. Nakuomba umwandikie hivyo leo, ujumbe wa mistari miwili unatosha, nami nitamtafuta baada ya hapo.
>
> Dada Keshia, naomba Z ripoti za Mei za mashine zote mbili, ya duka na ya stoo. Risiti za manunuzi za Mei kijana wa stoo azipige picha anitumie wasapu kwa namba iliyo hapo chini. Binti wa ofisini kwangu atapita dukani Jumatatu saa nne asubuhi kuchukua karatasi zenyewe, atawasainia kwa idadi.
>
> Mama, kwako nina ombi moja tu, nusu saa Jumanne tarehe 17 hapo dukani, uwe na simu yako. Utaniteua niwe mwasilishaji wa ritani zako TRA, na tutashusha ritani za miezi iliyopita nione kama PAYE na SDL ya Mei zililipwa. Sitahitaji nywila yako, na tafadhali usinitumie nywila yoyote, hata ya benki.
>
> Vingine vyote, yaani mikataba ya wafanyakazi, namba za NSSF, orodha ya wadeni na kuhesabu mzigo wa stoo, tutavifanya baada ya tarehe 20. Boksi la risiti za zamani tutalipitia Julai tukianza na za Januari, nitakueleza tutakachokuta.
>
> Akaunti ya kulipia ni ile ya kwenye mkataba. Haitabadilishwa kwa imeili wala ujumbe. Ukipata ujumbe wa namna hiyo nipigie kwanza.

mzee_wa_ritani

Sasa hii inasomeka. Marekebisho mawili tu. Ile siku ya kuhesabu mzigo isibaki hewani, pendekeza Jumatatu tarehe 30 jioni duka likifungwa, kwa sababu unataka salio la mzigo la kufunga Juni, ukihesabu tarehe 5 Julai utaanza kurudi nyuma kwa kukisia kilichouzwa. Na pili, PAYE ya Juni inaangukia tarehe 7 Julai ambayo ni Sabasaba. Mimi huwa nawaambia wateja tunamaliza Ijumaa ya kabla yake, tarehe 4. Mwambie orodha ya mishahara uipate mwisho wa mwezi. Ana watu 11 na SDL inaanza kwa mwajiri wa watu 10 na kuendelea, kwa hiyo hiyo nayo inamhusu, akimpunguza mmoja au wawili akuambie.

kibubu99

Bado naona ndefu. Watu hawasomi. Ningemtumia wasapu ya sauti.

mama_bucha_sinza

Mimi hii ningeisoma. Maana yangu ni moja, Jumanne nusu saa. Zingine nimeona majina ya watu wengine nikapumua.

mzee_wa_ritani

Kibubu wasapu ya kukumbusha ni sawa, atume Jumapili jioni mstari mmoja. Lakini la nani anabeba Mei likae kwenye imeili, mwaka kesho mtu akiuliza unaitafuta unaipata. Sauti ya wasapu simu ikiibiwa imeondoka nayo.

neema_vitabu

Nimeongeza hayo mawili, nimetuma saa mbili usiku huu. Nitarudi kuwaambia.

neema_vitabu

Wakuu mrejesho, leo Jumatatu saa kumi na robo. Dada Keshia alijibu Jumamosi asubuhi kabla hata mama hajajibu. Z ripoti za duka zimekuja zote za Mei. Za stoo zimepungua siku tatu, tarehe 14, 15 na 16, keshia anasema mashine ilikuwa kwa fundi. Picha za wasapu ni 63, nne hazisomeki namba. Mama amemwandikia mhasibu wa zamani, amenitumia nakala, naye kajibu vizuri tu kwamba PAYE ya Mei alishalipa na risiti ya malipo ataleta.

Sasa mzee, hizo siku tatu za stoo nifanyeje? Je waliuza bila mashine au stoo haikuuza kabisa?

mzee_wa_ritani

Usikisie. Muulize mama kwa imeili ileile, usianzishe mpya, na chukua taarifa ya benki ya Mei uangalie kilichoingia tarehe 14 hadi 17. Fundi wa mashine naye huwa anaacha karatasi ya matengenezo, iombe. Kama waliuza, mauzo hayo lazima yaingie kwenye ritani hata kama hayana Z. Una mpaka Ijumaa.

neema_vitabu

Nimeshamwandikia. Kasema karatasi ya fundi ipo kwenye droo, na kesho tukikaa ile nusu saa ataitoa.